Tangazo la Waride

Waride binti Talib alikuwa na mwandiko mzuri, na alijijua. Mama yake aliuza chai na vitumbua Ndundu, kando ya mto Rufiji, enzi magari yalipopanga foleni kungoja kivuko, na kibao cha bei alikiandika Waride kwa chaki, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Abiria wasiokuwa hata na njaa walisimama kukisoma. Daraja lilipofunguliwa foleni ikaisha, na wanywaji wa chai wakaisha nayo. Mama akafungasha masufuria, wakahamia Kibiti, maana biashara humfuata mteja, mteja haifuati biashara.

Hapo Kibiti Waride aliolewa, akaachika, akazika mama, akafungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu mkabala na stendi. Miaka kumi na mmoja sasa. Watu wa kuweka na kutoa walimjia kutoka Mtunda, Bungu na huko deltani, si kwa sababu mawakala walikuwa haba, bali kwa sababu Waride alikuwa mcheshi. Alikuwa na utani wa kila mtu. Mwenye kipara alikuwa na wake, mwenye wake wawili alikuwa na wake. Mtu alitoa hela yake mwenyewe akaondoka anacheka kama aliyepewa zawadi.

Utapeli wa meseji za uongo ulipoingia wilayani, Waride hakungoja kampuni imletee karatasi. Alinunua manila, kalamu nene nyekundu na nyeusi, akaandika tangazo lake akalibandika dirishani:

ONYO! JIHADHARINI NA MATAPELI. MESEJI YA KWELI HUJA KWA JINA LA KAMPUNI. MESEJI YA UONGO HUJA KWA NAMBA YA MTU. USITOE MZIGO WAKO MPAKA MESEJI IINGIE. WAJINGA NDIO WALIWAO!

Ule mstari wa mwisho ndio ulimpendeza kuliko yote. Aliupigia mstari chini mara mbili. Mwalimu Consolatha, jirani yake aliyekuja Kibiti kufundisha akitokea Songea na kubaki, alimwambia, "Waride, hapo umemaliza." Wateja walikuwa wakiusoma kwa sauti na kucheka. Tangazo likapendwa, likapigwa picha, likasambazwa kwenye makundi ya simu hadi Ikwiriri.

Sasa nimseme Bi Johari, maana bila yeye hakuna la kusimulia.

Bi Johari alikuwa mkulima wa mpunga huko Mtunda, mjane, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na alisoma polepole, kidole chini ya neno. Magunia yake hayakufanana na ya mtu mwingine: hakuyashona midomo kwa kamba ya dukani, aliyashona kwa ukindu aliougeuza zambarau kwa mkono wake, ule ule wa kusukia mikeka. Ukiliona gunia la hivyo popote kwenye barabara ya kusini, umeliona gunia la Johari.

Mwaka huo macho yalianza kumsumbua. Hospitali wakamwambia ana presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula kuona kwa mtu kuanzia pembeni, kimya kimya, na kinachokwisha hakirudi. Alipewa dawa ya matone na tarehe ya upasuaji Dar es Salaam, mwishoni mwa mwezi wa saba. Daktari alimsisitiza: tarehe hiyo asiikose. Mpunga wa msimu ule ndio ulikuwa nauli yake, malazi yake na matibabu yake. Alipokuja kutoa hela za matone kwa Waride alimwambia, "Mwanangu, mwaka huu n'nalima macho."

Mnunuzi alifika Mtunda asubuhi moja na guta la kubebea mizigo, kijana msafi, mwenye adabu, kila neno "shikamoo bibi". Wakapatana bei ya magunia yote tisa. Kijana akasema, "Bibi, niletee simu yako nikuhifadhie namba yangu, msimu ujao tusitafutane." Bi Johari akampa. Kwani angeacha kumpa? Huko vijijini ndivyo ilivyo. Mtu asiyejua kuandika jina kwenye simu humpa simu mnunuzi, mjukuu, hata kondakta, naye humwandikia. Simu ya Bi Johari ilikuwa na majina thelathini, na hata moja hakuliandika yeye.

Kijana akabonyeza, akamrudishia. Kisha akashika simu yake mwenyewe, akasema anatuma hela. Baada ya dakika mbili simu ya Bi Johari ikalia. Meseji imeingia. Bi Johari hakuwa mjinga. Aliileta karibu na uso, akaweka kidole chini ya neno la juu, akasoma herufi moja moja: lilikuwa jina la kampuni. Si namba ya mtu, ni jina. Chini yake ikasema imethibitishwa, umepokea kiasi fulani, salio lako jipya ni kiasi fulani. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na tangazo la Waride, hakuruka hata neno moja. Akaruhusu magunia yapakiwe.

Adhuhuri alikwenda kwa wakala wa pale pale Mtunda kutoa nauli. Wakala akajaribu, akasema salio halitoshi. Wakajaribu tena. Bi Johari akauliza kama mtandao unasumbua, wakala akamjibu mtandao mzima. Bi Johari alipanda bodaboda, kwa mkopo wa imani, akaja moja kwa moja Kibiti kwa Waride.

Hii sehemu ya hadithi Waride aliijua, ila hakujua kuwa anaijua. Alikumbuka vizuri kwamba Bi Johari alikuja alasiri moja ya mwezi wa saba, kukiwa na foleni ya watu sita. Alikumbuka jinsi yule mama alivyosimama mbele ya tangazo, pua karibu igonge manila, kidole kikitembea mstari hadi mstari, mpaka wa mwisho. Akakumbuka, Mungu amsamehe, utani alioutoa mbele za watu: "Haya, Bi Johari anadurusu! Soma, mama, soma vizuri. Wajinga ndio waliwao!"

Foleni nzima ilicheka. Bi Johari naye alitabasamu. Waride akamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?" Bi Johari akasema, "Hakuna, mwanangu. Nimepita tu kukusalimu." Akaondoka.

Na ng'ambo ya barabara, hatua mia moja kutoka dirishani, lilikuwa limesimama fuso linajaza mizigo ya Dar es Salaam. Waride aliyaona magunia juu yake, midomo imeshonwa ukindu wa zambarau. Alijiambia moyoni, alhamdulillahi, Bi Johari ameuza. Bi Johari mwenyewe hakuyaona, kwa macho yale asingeweza kuona ng'ambo ya barabara. Fuso liliondoka baada ya swala ya isha.

Miezi minne ikapita. Bi Johari hakuonekana tena Kibiti, na Waride, mtu wa wateja wengi, hakuuliza. Mwezi wa kumi na moja akaja Shamsia, binti wa Bi Johari, aliyeolewa Lindi, ameshika simu ya mama yake.

"Dada Waride, naomba uniangalizie simu hii. Mama anasema aliibiwa mpunga wake mwezi wa saba, ila meseji ya malipo imo humu, na sielewi ilikuwaje."

Waride akafungua meseji. Jina la kampuni, juu kabisa. Lakini alikuwa wakala wa siku nyingi, na maandishi ya meseji ile yalimkaa vibaya. Salio jipya lililotajwa lilikuwa kubwa kupita kiasi, halikulingana na salio la meseji iliyotangulia ukijumlisha na hela iliyodaiwa kutumwa. Akabonyeza maelezo ya aliyetuma. Nyuma ya jina la kampuni ikatokea namba ya kawaida ya simu, namba ya mtu, iliyohifadhiwa kwenye simu ya Bi Johari kwa jina la kampuni.

Waride akakaa kwenye kigoda. Aliielewa hila yote kwa mara moja, na akaielewa kwa sababu ilikuwa imetengenezwa kwa maneno yake. Yeye ndiye aliyewaambia watu wote kwamba jina ni ukweli na namba ni uongo. Tapeli alisoma tangazo kama wenzake, kisha akaenda kuliandika lile jina kwa kidole chake.

"Macho yake yakoje?" aliuliza.

Shamsia akatazama chini. "La kulia limekwisha, dada. La kushoto anaona mwanga na vivuli. Alinambia hospitali imesogeza tarehe. Kumbe yeye ndiye hakwenda. Nilimpeleka juzi, daktari akasema tumechelewa."

"Kwa nini hakusema? Fuso lilikuwa hapo, Shamsia! Magunia yalikuwa hapo nayaona!"

Shamsia hakuwa mtu wa kulaumu, na afadhali angelaumu. Alijibu taratibu, "Alikuja kukwambia. Alisema, nilifika kwa Waride, nikasoma pale dirishani, nikaona nimeshaandikwa."

Siku ile Waride alilibandua tangazo. Wateja waliuliza, hakujibu kwa utani. Jioni alikaa na manila mpya, akaandika, akachana, akaandika tena. Lawama ilimfanya awe mrefu wa maneno: akaorodhesha hila zote alizozijua, za meseji, za kupigiwa simu, za hela "iliyokosewa", mpaka karatasi ikajaa kama daftari la shule. Akampelekea Mwalimu Consolatha.

Mwalimu alisoma yote, miwani ikiwa puani. "Waride, umeeleza wezi wanafanyaje. Hujaeleza mtu afanye nini. Mtu amesimama shambani, mnunuzi anamharakisha, meseji imeingia. Sasa hivi, dakika hii, afanye nini?"

"Asiiamini meseji."

"Meseji gani? Ya kweli au ya uongo?"

"Yoyote," Waride akasema. "Asiamini yoyote. Hela haimo kwenye meseji. Hela imo kwenye akaunti. Afungue menyu mwenyewe, aangalie salio."

"Basi andika hivyo, nenda kalale."

Hakulala, lakini aliandika. Ijumaa iliyofuata alifunga kibanda, akapanda bodaboda kwenda Mtunda, karatasi imekunjwa ndani ya mkoba. Bi Johari alikuwa amekaa barazani, anasuka ukili wa mkeka kwa vidole tu, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo? Waride?" Akasogea, akapapasa nafasi kwenye mkeka. "Karibu, mwanangu. Leo umetukumbuka."

Waride alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. Alishika mguu wa yule mama akalia. Alimwomba radhi kwa tangazo, na kwa utani, na kwa kicheko cha watu sita. Bi Johari alimwacha alie. Hakumwambia si kitu, kwa kuwa ilikuwa kitu.

Halafu akasema, "N'kwambie ukweli? Kuibiwa hakukuniuma kama kusoma pale. Mwizi sikumjua. Wewe nilikujua."

Bi Johari akavuta ukili wake, akaendelea kusuka. "Nimekusamehe siku nyingi. Sasa Shamsia kaniambia unaandika upya. Nisomee."

Waride akasoma. Kwanza, meseji si hela, hata ikija kwa jina la kampuni. Pili, kabla hujatoa mzigo, fungua menyu ya pesa kwa mkono wako, weka namba yako ya siri bila mtu kuiona, angalia salio. Salio likiwa limepanda kwa kiasi mlichopatana, umelipwa. Likiwa halijapanda, hujalipwa. Menyu haihitaji vocha. Pasipo na mtandao, mzigo usiondoke mpaka upatikane.

"Sasa nitaijaribu," Bi Johari akasema, akaomba simu yake. Vidole vilijua njia: nyota, tarakimu, alama ya reli, kupiga. Alikuwa amezoea kuhesabu vitufe kabla hata macho hayajaharibika. Alizunguka na menyu kwa kukumbuka, akaifunika simu kwa kiganja alipoweka namba ya siri, kama tangazo lilivyosema. Simu ikatetemeka. Jibu lilikuwa limetokea kwenye kioo. Bi Johari akaisogeza simu karibu na jicho la kushoto, kisha akaisogeza mbali, kisha akamnyooshea Waride.

"Pameandikwaje?"

Waride akamsomea. Ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili.

"Andika na hilo," Bi Johari akasema. "Asiyeweza kusoma salio amwite mtu wake, asimwite mnunuzi. Au apige huduma kwa wateja kwa namba anayoijua, si ile atakayopewa na mnunuzi. Na suala la kumpa mtu simu akuandikie jina, umelisahau. Sisi ndivyo tunavyofanya, na ndiko nilikoingilia. Sema waje kwako uwaandikie wewe."

Waride akaandika hapo hapo, juu ya goti. "Kingine, mama?"

Bi Johari alirudia kusuka, ukili ukazidi kurefuka. "Pale mwisho sasa pana nini?"

"Hapana kitu. Nimeufuta ule."

"Usipaache patupu. Mtu akishaibiwa ndipo anapokuja kusoma, kama mimi. Andika neno la huyo."

Tangazo jipya lilipanda dirishani Jumatatu. Halikuwa zuri kwa kutazama. Herufi kubwa, mistari michache, hakuna methali. Mstari wa mwisho ulisema: UMESHATAPELIWA? INGIA NDANI UNIAMBIE SASA HIVI, USINGOJE KESHO. HAPA HAKUNA ATAKAYEKUCHEKA. Wateja wengine walilalamika kwamba la zamani lilikuwa na raha. Waride aliwaambia raha wakaitafute kwenye taarabu.

Ilikuwa wiki ya pili alipoingia Mzee Mwinyimvua, mwuza nazi. Alinunua vocha asiyoihitaji. Akauliza habari za mvua. Akatoka hadi mlangoni, akarudi, akainama karibu na dirisha dogo, akasema kwa sauti ya kuungama, "Mwanangu, nadhani mimi nimefanywa mjinga."

Waride hakuuliza ilikuwaje. Alimvutia kigoda, akamwambia afungue menyu mwenyewe. Meseji ya malipo ilikuwapo, salio halikupanda hata senti.

"Nazi ziko wapi, baba?"

"Zinapakiwa. Hapo stendi."

Waride alifunga dirisha mbele ya wateja wanane. Walivuka barabara pamoja, yeye na mzee, wakampitia askari aliyekuwa zamu stendi. Dereva wa fuso alikuwa mtu wa kukodiwa tu, hakujua lolote. Alipoonyeshwa menyu na ile meseji, akawaamuru wapagazi washushe. Mnunuzi alikuwa mgahawani anakula wali. Aliona askari, akaacha sahani, akapotelea nyuma ya soko. Askari akachukua namba yake ya simu ili iripotiwe na ifungwe. Nazi zote zikarudi chini, hakuna hata moja iliyopotea, na mzee akawa anazigusa moja moja kama mtu anayewahesabu wajukuu.

Watu walimpongeza Waride. Mmoja alimwita mwanamke wa shoka. Waride alitazama saa ya simu yake. Tangu mzee aingie kibandani zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano. Fuso la magunia ya Bi Johari lilikuwa limesimama pale pale tangu alasiri hadi isha.

Alirudi kibandani, hakufungua dirisha. Wateja waligonga, wakaita, wakaenda kwa wakala mwingine. Alikaa kwenye kigoda alichomkalisha mzee, akachukua simu ampigie Bi Johari ampe habari njema, kwamba maneno yake yamefanya kazi, kwamba mtu ameokoka. Alifika hadi kwenye jina lake. Akaona kwamba akimpigia, yule mama atauliza ilichukua muda gani, na yeye itambidi amwambie.

Aliiweka simu mezani, akalia mpaka alasiri.